Biashara imedorora? Mwandikie mwenye fremu kabla kodi haijaiva

Tuseme una duka la vitenge. Fremu ni shilingi 600,000 kwa mwezi, unalipa miezi sita kwa mkupuo, na kwa miezi minne sasa wateja wamepungua. Barua nzuri kwa mwenye fremu inaandikwa hivi.

1. Iwahi tarehe ya malipo. Ipeleke miezi miwili kabla ya mkupuo ujao, ukiwa hudaiwi hata senti. Soma kwanza mkataba: kuna kifungu cha mapitio ya kodi? Taarifa inatolewa siku ngapi kabla?

2. Chagua maneno. Kichwa kinatosha kuwa "YAH: OMBI LA MAZUNGUMZO KUHUSU KODI YA PANGO". Usiandike "nimeshindwa kulipa". Mkikosana, sentensi hiyo itageuka ushahidi dhidi yako. Andika: "Mzee, nimelipa kwa wakati kwa miaka mitatu na nitaendelea kulipa kiasi cha sasa mpaka tutakapokubaliana vingine."

3. Onyesha hesabu, siyo machozi. Ambatisha ripoti za mauzo za mashine ya EFD, za miezi hii minne na za miezi kama hiyo mwaka jana, asije akasema ni msimu tu. Mauzo yalikuwa milioni 9 kwa mwezi, sasa ni milioni 6. Ukibakiwa na asilimia 20 baada ya kutoa gharama ya mzigo, faida ghafi imeshuka kutoka 1,800,000 hadi 1,200,000. Kodi iliyokuwa ikila theluthi ya faida hiyo sasa inakula nusu. Sentensi hiyo moja inatosha.

4. Omba kitu chenye mwisho. "Nipunguzie" haina kipimo, na mwenye fremu huogopa punguzo lisilorudi. Omba 450,000 kwa miezi sita, kisha kodi irudi 600,000. Weka na njia ya pili: kodi ibaki ileile, ila ulipe kila mwezi badala ya mkupuo. Kwa njia ya kwanza yeye anaacha 900,000. Fremu ikikaa tupu miezi miwili tu, anakosa 1,200,000. Hesabu hii ibaki kichwani mwako mpaka mtakapokaa. Kwenye barua itasomeka kama kitisho.

5. Funga kwa siku na saini. Pendekeza siku mbili za kukutana. Chapa nakala mbili, na yako aisaini kwamba ameipokea. Mkikubaliana, msiishie kupeana mikono: andikeni nyongeza ya mkataba yenye kiasi kipya, tarehe ya kuanza na ya kuisha, muisaini wote wawili. Bila karatasi hiyo, ile 150,000 uliyopunguziwa kila mwezi inaweza kudaiwa kesho kama deni, hasa fremu ikirithiwa au kuuzwa.