Mteja kaacha utani, mimi nikaendelea

*Ndugu Mshauri, nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Mteja wetu wa Moshi huniandikia barua pepe kwa uchangamfu: "Mambo! Mzigo umefika? 😊" Nami humjibu hivyo hivyo. Juzi kontena lake likakwama, nikamwandikia: "Pole sana!! Kontena bado lipo bandarini 😅 Tutakujulisha ASAP." Akajibu: "Naomba maelezo kamili," na nakala akampelekea bosi wangu. Nimekosea wapi? – Karani*

Ndugu Karani,

Mteja alitabasamu siku mzigo haujamtia hasara. Kontena likikwama, gharama za kuhifadhi zinamnyemelea, na kile kijiuso ulichokiweka kuonyesha aibu yeye kakisoma kama kicheko. Alama mbili za mshangao nazo zimeigeuza "pole" yako kuwa shangwe. Ila kilichomuudhi zaidi, nadhani, ni ASAP. Hilo ni neno la anayedai. Anayedaiwa hutaja siku na saa.

Tuseme tatizo ni uzito kutolingana kwenye nyaraka. Ungeandika hivi:

"Habari za asubuhi. Samahani kwa kuchelewa. Kontena lako bado lipo bandarini kwa sababu uzito ulio kwenye BL haulingani na ule wa orodha ya mizigo. Tumeomba marekebisho leo. Nitakuandikia kesho kabla ya saa sita mchana, hata kama hakuna jipya."

Ona kwamba BL nimeiacha ilivyo. Mwagizaji mizigo anaijua, kama anavyoijua ETA. Vifupisho vya kazi yenu havina ubaya. "Xaxa" na "2taongea" viache kwenye simu yako.

Unapomjibu mtu, fuata barua yake ya mwisho, si mazoea yenu ya mwezi uliopita. Tazama salamu, urefu wa sentensi, anavyoaga, na nani kawekwa kwenye nakala. Huyu alitoka "Mambo!" akaja "Naomba", salamu kaiacha, bosi kaingizwa. Sasa barua yako inasomwa na watu wawili, na huyo wa pili hajui utani wenu.

Alama za :) nazo zimekuwa na vituko vyake. Matoleo ya zamani ya Outlook yaliigeuza kuwa kisura cha fonti ya Wingdings, na kifaa kisicho na fonti hiyo kilimwonyesha mpokeaji herufi J tu. Kuna watu wamebaki wakijiuliza huyo J ni nani.

Kwa hiyo mjibu leo, bosi umwache kwenye nakala, na uanze na kontena. Usiombe radhi kwa ajili ya 😅. Utamrudisha kwenye jambo ambalo hana haja nalo. Mzigo ukishatoka, huenda akarudi na "Mambo!" yake. Msubiri aanze yeye, na akikuwekea tabasamu, mrudishie moja tu.