Herufi E Kwenye Wimbo: Nani Anaiweka, na kwa Nini Wapimaji Hawakubaliani

Kijitabu hiki ni cha wazazi, walimu, madijei na wasanii wanaokutana na alama ya maneno makali kwenye nyimbo na wanataka kujua inamaanisha nini hasa.

Anayeiweka ni mwenye wimbo

Ukifungua programu ya muziki kwenye simu, pembeni mwa baadhi ya nyimbo utaona kijisanduku chenye herufi E. Wengi hudhani kuna ofisi mahali fulani ambako watu huketi, wakasikiliza wimbo na kuupitisha au kuupiga muhuri. Sivyo inavyokwenda. Msanii au lebo yake anapopeleka wimbo kwa msambazaji wa mtandaoni hujaza fomu: jina la wimbo, watunzi, tarehe ya kutoka. Kati ya maswali hayo limo moja kuhusu maneno. Je, wimbo una maneno makali, hauna, au hili ni toleo lililosafishwa? Jibu la tatu huwa na maana pale tu ambapo toleo kali nalo lipo, kwa sababu toleo lililozibwa matusi huhesabiwa kuwa rekodi nyingine yenye namba yake ya utambulisho. Jibu lililojazwa husafiri pamoja na wimbo hadi kwenye kila huduma. Huduma yenyewe inaweza kulibadilisha baadaye, lakini mwanzo wake ni mtu mmoja aliyejaza fomu, pengine usiku wa manane, akiwa na haraka wimbo utoke Ijumaa.

Utaratibu huu wa mwenye mali kujitangazia ulianzia Marekani. Tipper Gore, mke wa seneta Al Gore, alichukizwa na wimbo "Darling Nikki" wa Prince uliokuwa kwenye albamu aliyomnunulia binti yake. Mwaka 1985 yeye na wake wengine wa wakubwa wa Washington wakaunda kundi la PMRC. Walipendekeza herufi tofauti kwa makosa tofauti: X kwa ngono na matusi, V kwa vurugu, D/A kwa dawa za kulevya na pombe, O kwa uchawi na ushetani. Septemba 19 mwaka huo Seneti ikasikiliza hoja, na wanamuziki Frank Zappa, John Denver na Dee Snider wakaenda kupinga. Mwishowe RIAA, chama cha kampuni za kurekodi, kilikubali kuweka onyo kwa hiari, na mwaka 1990 ikapatikana alama moja ya nyeusi na nyeupe kwa kampuni zote. Zile herufi nne zikayeyuka. Tunaona hiyo ilikuwa hasara, kwa sababu mzazi anayeogopa bangi na mzazi anayeogopa matusi hawaogopi kitu kimoja, ila leo wote wawili wanapewa E ileile.

Orodha ya maneno haipo

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: maneno gani hasa yanaufanya wimbo upewe E? Mwongozo wa RIAA hautaji hata neno moja. Unamtaka mwenye wimbo apime lugha kali, na pia maelezo ya ngono, vurugu na ulevi, kisha ajiulize kama yamefikia kiasi cha kustahili kumtahadharisha mzazi. Apime neno limekaa wapi, limerudiwa mara ngapi, limesisitizwa au limepita tu kwa mbali. Tena apime kwa viwango vya jamii ya wakati huu, na viwango hivyo havikai mahali pamoja.

Mfano mzuri ni "Money for Nothing" wa kundi la Dire Straits, uliotoka mwaka uleule wa 1985. Ndani yake mhusika, mfanyakazi anayewaonea wivu wanamuziki wa televisheni, anawaita kwa neno la kuwadhalilisha mashoga. Wimbo ulipigwa redioni kwa robo karne. Kisha msikilizaji mmoja wa Newfoundland, Kanada, akalalamika, na Januari 2011 baraza la viwango vya utangazaji la huko, CBSC, likaamua kwamba toleo lile halifai kupigwa bila kukatwa. Malalamiko yakageuka upande wa pili: watu wakasema neno lile ni la mhusika anayekejeliwa, si la mtunzi. Mwaka huohuo baraza likarudi nyuma, likaviachia vituo viamue vyenyewe.

Angalia kilichotokea. Wimbo haukubadilika hata silabi moja, wala hakuna aliyebishana kama neno lile ni baya. Walibishana nani analisema ndani ya wimbo, na nani anaumia akilisikia. Orodha ya maneno haiwezi kujibu maswali hayo.

Mwanza na Tetema

Kwetu wapimaji ni wa aina nyingine. BASATA nchini Tanzania na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, KFCB, ni vyombo vya serikali, na vinachouliza ni kama kazi inafaa kusikika hadharani, si kama mzazi atahadharishwe tu.

Novemba 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Kiini cha ubishi kilikuwa jina Nyegezi. Nyegezi ni mahali halisi jijini Mwanza, na abiria wengi wanapajua kwa stendi ya mabasi. Lakini silabi zake mbili za kwanza ni nyege, na kwa namna jina lilivyochezewa ndani ya wimbo, kila msikilizaji alijua halizungumzii mabasi. Wasanii wakaupiga jukwaani Desemba, wakafungiwa kufanya maonyesho, na Januari 2019 wakafunguliwa.

Sasa mpe wimbo huo mtu anayepima kwa orodha. Akitafuta herufi n-y-e-g-e tu, atamnasa kila anayetaja kituo chake cha basi. Akitafuta neno kamili, wimbo utapita msafi. Fumbo la Kiswahili, lile lililozoeleka katika taarabu, linakaa katikati ya hayo mawili, na hunaswa na sikio la mtu anayeijua lugha na mahali.

Hata masikio yanayojua Kiswahili hayakubaliani. Mwaka 2019 mkuu wa KFCB wakati huo, Ezekiel Mutua, alitangaza kwamba "Tetema", wimbo wa wasanii haohao wawili, uishie baa na kwenye kumbi za starehe tu. Hukumu hiyo ilikuwa ya Kenya peke yake, na haikutokana na tusi lolote la wazi.

Ukiishika simu ya mtoto

Karibu kila huduma kubwa ina kitufe cha kuzuia nyimbo zenye maneno makali. Kitufe hicho hakisikilizi wimbo. Kinasoma kilichojazwa kwenye fomu, na hapo ndipo pengo lilipo. Katika kumbukumbu za Spotify zinazosomwa na watengeneza programu, sehemu ya `explicit` ikiandikwa `false` maana yake ni mbili kwa pamoja: wimbo hauna maneno makali, au haijulikani. Deezer huzitenganisha: 0 ni hauna, 1 ni unao, 2 ni haijulikani. Mtoto anayeshika simu haoni namba hizo. Anachoona ni wimbo usio na E.

Kwa hiyo ukikuta E, tafuta kama kuna toleo lililosafishwa la wimbo uleule; mara nyingi lipo, na neno limezimwa sauti au kugeuzwa. Usipoikuta E kwenye wimbo wa msanii usiyemjua, usikilize mwenyewe hadi mwisho, pamoja na kiitikio. Na wewe msanii, ukifika kwenye swali lile la fomu huku fumbo lako linaeleweka na kila mtu mtaani, jibu kama unavyojua linavyosikika. Dijei wa kituo cha redio atakayeupiga saa nane mchana anategemea jibu hilo.