Jenga Rekodi ya Mkopo kwa Kitambulisho Chako

Wanawake wengi huendesha biashara, lakini pesa za wateja huingia kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Benki haioni mauzo hayo kuwa ya mke. Rekodi ya mkopo hufuata nambari ya kitambulisho, na cheti cha ndoa hakiunganishi rekodi za mume na mke.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza samaki wa kukaanga na kupokea shilingi 1,500 kwa siku kupitia laini ya mumewe. Kwa siku 26 za kazi, shilingi 39,000 hupita kila mwezi. Akiomba mkopo, taarifa yake ya M-Pesa haina kitu. Hata akilipa kwa jasho lake mkopo uliochukuliwa na mumewe, sifa njema huenda kwa mume.

Afanye nini? Kwanza, apige *106# ili aone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kisha asajili nambari ya Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara kwa jina lake, na mauzo yote yapitie hapo kwa miezi sita au zaidi.

Pili, achukue mkopo mdogo wa kununua bidhaa na kuulipa kabla ya siku ya mwisho. Hazina ya Hasla hutoza asilimia 8 kwa mwaka, hivyo riba ya shilingi 5,000 kwa siku 14 ni takriban shilingi 15. Anayeanza na kiwango cha shilingi 500 asivunjike moyo, kwani kiwango hupanda kadiri anavyolipa kwa wakati.

Tatu, aombe ripoti yake kutoka CRB. Kila Mkenya ana haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Akikuta mkopo asioujua, huenda mtu wa nyumbani aliutumia mkono wake kukopa kwa simu yake. Apinge mara moja kwa CRB na kwa aliyekopesha, na abadilishe nambari ya siri. Mkopo uliochelewa hubaki kwenye rekodi kwa miaka mitano hata baada ya kulipwa.

Tahadhari mbili. Mikopo ya chama mara nyingi huandikwa kwenye daftari la kikundi tu, kwa hiyo uliza kama malipo yako yanaripotiwa CRB. Tena, ukimdhamini mume katika chama cha akiba na mikopo naye akashindwa kulipa, akiba yako inaweza kukatwa. Kudhamini ni hiari.

Mwanamke aliyeolewa hahitaji ruhusa ya mume ili akope. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inampa haki sawa na mwanamume aliyeoa ya kumiliki mali na kuingia katika mkataba.