Mgao wa gramu 30, pakiti ya gramu 150

Pakiti ya krispi za muhogo ya gramu 150 huisha barazani kabla kikombe cha pili cha kahawa hakijamiminwa. Ukiigeuza nyuma unakuta jedwali la lishe: kalori 150, mafuta gramu 8, sodiamu miligramu 200. Kwa mtu aliyeambiwa apunguze chumvi, namba hizo hazitishi. Lakini juu kabisa ya jedwali, mara nyingi kwa herufi ndogo, kuna mstari unaoeleza kuwa hesabu yote hiyo ni ya mgao mmoja wa gramu 30. Aliyemaliza pakiti amekula migao mitano, na hakuna popote kwenye karatasi ile palipojumlishwa kwa niaba yake.

Mgao huo si kiasi alichopendekeza daktari, wala si lazima kiwe kiasi ambacho watu huwa wanakula wakishafungua pakiti. Ni kipimo cha kuhesabia tu. Muuza nyanya Marikiti ndiye anayeamua fungu lake liwe na nyanya ngapi, na mtengenezaji wa chakula cha pakiti naye ana nafasi kama hiyo. Tofauti ni kwamba fungu la nyanya unaliona kwa macho kabla ya kutoa pesa. Kuna nchi, Marekani ikiwemo, ambazo serikali yenyewe imeweka viwango vya kuanzia vya kila aina ya chakula. Kwingineko mwenye kiwanda ana uhuru mkubwa zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama kalori, tafuta namba mbili. Ya kwanza ni uzito halisi wa chakula, ambao kwa kawaida huandikwa mbele ya pakiti, karibu na chini. Ya pili ni uzito wa mgao, kwenye mstari wa juu wa jedwali. Bidhaa nyingi za maduka ya Mji wa Kale zimetoka Ghuba, Misri, India au Uturuki, na nyingine zina jedwali la Kiarabu upande mmoja na la Kiingereza upande wa pili. Aliyepita chuoni hatapata shida kusoma ٣٠ mahali pa 30. Lugha yoyote iwayo, namba unayoitaka ni ile yenye gramu au mililita iliyo juu ya safu za virutubishi, pengine ikiambatana na kipimo cha nyumbani kama kikombe, kijiko au idadi ya vipande.

Sasa gawanya uzito wa pakiti kwa uzito wa mgao. Kwa krispi zetu, 150 kwa 30 ni 5. Kila namba ya jedwali izidishe kwa 5: kalori 750, mafuta gramu 40, sodiamu miligramu 1,000. Sodiamu si chumvi yenyewe bali ni sehemu yake. Ili kupata chumvi, zidisha sodiamu kwa 2.5. Miligramu 1,000 za sodiamu ni gramu 2.5 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Pakiti moja ya barazani imeshakula nusu ya kiasi hicho, na bado hujagusa mkate wa asubuhi, mchuzi wa mchana wala achari ya usiku.

Kama pakiti mmeila wawili kwa usawa, kila mmoja amekula gramu 75. Gawanya 75 kwa 30 upate migao miwili na nusu: kalori 375, sodiamu miligramu 500. Kanuni haibadiliki. Kiasi ulichokula kigawanye kwa mgao, kisha uzidishe. Usiyaamini macho yako katika kukadiria, hasa kwa vitu vyepesi vinavyojaa hewa. Ukitaka kuona mgao wa krispi ulivyo, mwaga pakiti nzima kwenye sinia na uigawe mafungu matano yanayolingana. Kila fungu ni gramu 30. Ni kidogo tu, na wengi wakiliona hucheka, kwa sababu huo ndio mgao ambao jedwali lilikuwa likiuzungumzia muda wote.

Wakati mwingine idadi ya migao imeandikwa kabisa, na unaweza kuzidisha moja kwa moja. Itumie, lakini angalia kama mbele yake pana neno la kukadiria, kama “takriban”. Pakiti ya gramu 165 yenye mgao wa gramu 30 inaweza kuandikwa kuwa ina takriban migao 5, ilhali hesabu ni 5.5. Hiyo nusu inayopotea si kubwa kwa anayekula mara moja moja. Kwa anayehesabu wanga kwa ajili ya sindano ya insulini ni kosa la maana. Uzito wa pakiti na wa mgao unakupa jibu sahihi zaidi.

Safu ya asilimia nayo hufuata hesabu hiyohiyo, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Ukiona sodiamu asilimia 10, hiyo ni asilimia 10 ya kiwango cha siku kwa mgao mmoja. Pakiti nzima ni asilimia 50. Msingi wake kwa kawaida ni mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, hivyo asilimia hizo hazimhusu mtoto wa miaka sita anayerudi shule na pakiti mkononi. Kwake sehemu ni kubwa zaidi.

Kuna namba moja tu isiyozidishika, nayo ni sifuri. Chini ya sheria za Marekani, mafuta ya transi yakiwa pungufu ya nusu gramu kwa mgao huandikwa sifuri. Biskuti yenye gramu 0.4 kwa mgao itasomeka sifuri, na ukila migao mitano umemeza gramu 2. Shirika la Afya Duniani linataka yasifike asilimia 1 ya nishati ya siku, ambayo kwa kalori 2,000 ni kama gramu 2.2. Sifuri mara tano haikufikishi kwenye jibu hilo. Katika hali hiyo liache jedwali, nenda kwenye orodha ya viambato: ukiona mafuta ya mboga yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu, mafuta ya transi yamo, hata kama jedwali linasema hayamo.

Vinywaji vinahitaji tahadhari yake. Chupa ya soda ya mililita 500 inaweza kutaja mgao wa mililita 250, ingawa sijawahi kumwona mtu akifunga kifuniko katikati na kuirudisha nusu kwenye friji, sembuse kwa joto la Mombasa mwezi wa Februari. Tuseme jedwali linaonyesha sukari gramu 26 kwa mgao. Chupa nzima ni gramu 52. Kwa kalori 2,000, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa sukari ya kuongezwa ni gramu 50 kwa siku, na ushauri wao ni kushuka hadi 25 ikiwezekana. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Chupa hiyo ina vijiko 13.

Sharubati nzito ya kuchanganya na maji, ile inayojaa rafu kila Ramadhani, ina tatizo lingine. Vimto, iliyobuniwa Manchester mwaka 1908 na kuwa kinywaji cha futari kotekote Ghuba, ni ya jamii hiyo. Namba za chupa kama hizi zinaweza kuwa za sharubati yenyewe au za kinywaji kilichokwisha kuchanganywa, na jedwali halikusaidii mpaka ujue ni ipi. Soma maelezo madogo chini ya kichwa cha jedwali. Yasipokuwepo, tazama sukari kwa mililita 100: ikiwa ni gramu 40 au zaidi, hiyo ni sharubati kavu, kwa kuwa hakuna kinywaji cha kawaida kilicho tayari kunyweka chenye utamu kiasi hicho. Ikiwa ni gramu 8 hadi 12, bila shaka kimeshachanganywa.

Chukua sharubati yenye gramu 50 za sukari kwa mililita 100, na maelekezo ya sehemu moja ya sharubati kwa nne za maji. Glasi ya mililita 200 ina sharubati mililita 40, yaani sukari gramu 20. Lakini jagi la futari halichanganywi kwa kipimo. Mama akimimina sehemu moja kwa maji mawili, glasi hiyohiyo ina sharubati mililita 67 na sukari gramu 33 hivi. Mwenye kisukari apime mwenyewe glasi yake kwa kikombe kidogo cha kahawa kabla ya kutia maji, na aache jagi kwa wengine.

Unapolinganisha pakiti mbili dukani, migao iweke kando kabisa. Krispi moja inasema miligramu 150 za sodiamu kwa mgao wa gramu 20. Nyingine inasema 240 kwa mgao wa gramu 40. Ya pili inaonekana na chumvi zaidi. Zipeleke zote kwenye gramu 100, kwa kugawanya sodiamu kwa gramu za mgao kisha kuzidisha kwa 100: ya kwanza ni 750, ya pili ni 600. Ya kwanza ndiyo yenye chumvi. Mwongozo wa Codex wa mwaka 1985, ambao nchi nyingi hutungia kanuni zake, unataka namba zitolewe kwa gramu au mililita 100, au kwa pakiti nzima ikiwa ni ya mtu mmoja, lakini unaziachia nchi zilizozoea mgao zitoe kwa mgao peke yake. Ndiyo maana rafu moja inaweza kukupa bidhaa zenye safu zote mbili na nyingine zenye moja tu. Safu ya 100 ikiwepo, linganishia hapo. Ya mgao itumie ukiwa nyumbani, unapohesabu ulichokula.

Krispi na kachri zinazokaangwa pale Mama Ngina hazina jedwali lolote, na kuzikopeshea namba za pakiti ya kiwandani ni kukisia, kwa maana mafuta na chumvi hutegemea mkono wa mkaangaji. Na pakiti ya dukani ikitaja kalori na sodiamu bila kutaja gramu za mgao, idadi ya migao wala safu ya gramu 100, jedwali hilo halihesabiki kwa njia yoyote. Mwenye presha au kisukari asinunue kwa kulitegemea.