Usingizi wa saa nane mchana: daktari anajibu barua zenu

Barua za mwezi huu zimejaa habari ya usingizi wa baada ya chakula cha mchana. Nimechagua zile zilizonitia wasiwasi, na mbili tatu zilizonikera kwa sababu zimebeba maneno ya wauza dawa wa vituo vya daladala. Walioniuliza kama inafaa kulala saa nane usiku kucha watanisamehe. Hilo nimelijibu mara nyingi.

Nalala vizuri usiku, asubuhi naamka mzima, lakini ikifika saa nane mchana macho yanafumba yenyewe. Ni ugonjwa gani? (Barua sita zimeuliza hivi: karani wa Mwanza, fundi cherehani wa Tanga, mama mwenye duka Kigoma na wengine watatu.)

Si ugonjwa. Kati ya saa saba na saa kumi mchana binadamu wengi hupungukiwa na uchangamfu, hata waliolala vya kutosha. Usingizi huongozwa na nguvu mbili zinazovutana kama watu wa kuvuta kamba. Ya kwanza ni uzito wa usingizi, unaoanza kujikusanya tangu dakika unapoamka, na sehemu yake kubwa inatokana na kemikali iitwayo adenosini inayoongezeka ndani ya ubongo kadiri unavyokaa macho. Ya pili ni saa ya mwili, yaani kijisehemu kidogo cha ubongo kilicho juu tu ya mahali neva za macho mawili zinapopishana. Kazi yake mchana ni kutuma amri ya kukaa macho, na amri hiyo hupanda polepole hadi kuwa kali kabisa jioni. Aliyeziweka nguvu hizi mbili katika nadharia moja ni Alexander Borbély wa Zurich, mwaka 1982.

Sasa chukua mtu aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa nane mchana amekaa macho saa nane nzima, na uzito umeshajikusanya, ilhali saa ya mwili haijapandisha amri yake ya kutosha kuushinda. Hapo ndipo kope zinapolemea. Baada ya saa kumi amri inapata nguvu, na kichwa kinakuwa chepesi tena bila mtu kulala hata kidogo.

Shikeni hilo la mwisho. Mtu mwenye deni la usingizi haamki mwenyewe saa kumi na moja jioni akawa mzima. Deni linazidi mpaka alale. Usingizi wa mchana unaokuja na kuondoka wenyewe, kila siku kwa saa zilezile, si deni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Iringa. Nimeambiwa kwamba tukila, damu yote inakimbilia tumboni na ubongo unabaki mkavu. Nimeacha chakula cha mchana tangu muhula uliopita, lakini kipindi cha saa nane bado nasinzia nimesimama. Nikose na nini tena?

Rudi mezani ule, mwalimu. Hili neno la damu kukimbilia tumboni nimelisikia kwa wauguzi, kwa makocha, hata kwa madaktari wenzangu, na linawanyima watu chakula bila sababu.

Ni kweli kwamba ukila, damu inayopita kwenye tumbo na utumbo huongezeka sana. Lakini haiibiwi kutoka kichwani. Moyo huongeza kidogo kiasi unachosukuma, na mishipa ya miguu na mikono hujibana kidogo. Ubongo una ulinzi wake: mishipa yake hujipanua na kujibana yenyewe ili damu inayoufikia isibadilike ovyo, ukiwa umelala, umesimama, una njaa au umeshiba pilau. Ubongo ukipungukiwa damu kwa kweli, mtu haoni usingizi mtamu. Anaona giza, anatoka jasho baridi, na anaanguka.

Kuna kundi moja ambalo shinikizo la damu hushuka kweli baada ya kula: wazee, waliokaa na kisukari miaka mingi, na wenye ugonjwa wa Parkinson. Kwao shinikizo la juu linaweza kushuka kwa 20 au zaidi ndani ya saa mbili baada ya mlo. Dalili yao ni kizunguzungu wakisimama, na wengine huanguka. Mzee wako akiwa hivyo, mpime shinikizo kabla ya kula na saa moja baadaye, akiwa ameketi kisha akiwa amesimama, uende na namba hizo hospitali.

Kwamba usingizi huu hautoki kwenye sahani, tunalo jaribio. Mwaka 1986 Peretz Lavie, mtafiti wa Haifa, aliwaweka watu maabara wakapewa nafasi ya kulala dakika 7, kisha wakae macho dakika 13, hivyo hivyo mchana na usiku. Angalia usingizi uliwapata saa ngapi. Wimbi kubwa lilikuwa usiku, kama inavyotarajiwa. Wimbi dogo lilikuwa mchana wa kati. Na mapema usiku, karibu saa mbili hadi saa nne, walishindwa kulala hata walipolazwa kitandani na taa kuzimwa. Wimbi la mchana lilikuwepo ingawa mchezo wote ulikuwa wa dakika ishirini ishirini, bila kazi ya asubuhi wala foleni ya chakula.

Chakula kina mchango, sikatai. Sahani ya wali iliyofurika, juu yake soda, huongeza uzito wa saa hiyo na makosa ya kazi huzidi. Ila kinachoongezwa kilikuwepo tayari. Ndiyo maana wewe umeacha kula na bado unasinzia, na sasa una njaa pia. Jaribu hivi kwa wiki mbili: kula nusu ya sahani uliyozoea, ongeza maharage, samaki au mboga, na kipindi cha saa nane usikae, wape wanafunzi kazi ya vikundi upite kati ya madawati. Baada ya kula toka nje kwenye mwanga kwa nusu saa, kwa sababu mwanga mkali wa mchana huamsha ubongo kuliko taa ya ofisi ya walimu.

Kuna unga wa majani wa "kusafisha damu" unaondoa uchovu wa mchana. Ninunue?

Usinunue.

Nitajuaje kama usingizi wangu ni huo wa kawaida au ni kwa sababu silali vizuri usiku? (Barua nyingi, zikiwemo tatu za wake wanaolalamikia waume wanaokoroma.)

Hili ndilo linaloniogopesha, kwa kuwa wenye ugonjwa wa kweli hujificha nyuma ya maneno "ni chakula tu hicho".

Tumia kipimo kilichotungwa na Murray Johns wa Hospitali ya Epworth, Melbourne, mwaka 1991. Jiulize ungesinzia kwa kiasi gani katika hali nane, ukijipa 0 kama hapana kabisa hadi 3 kama karibu kila mara: ukisoma umekaa, ukitazama televisheni, ukiwa umetulia mkutanini, ukiwa abiria saa nzima bila kusimama, ukijilaza mchana, ukizungumza na mtu, ukikaa kimya baada ya chakula cha mchana bila pombe, na ukiwa ndani ya gari lililosimama kidogo kwenye foleni.

Mmoja wa wale wake, wa Morogoro, alijipima pamoja na mumewe. Yeye alipata 1, 1, 0, 1, 3, 0, 2 na 0, jumla 8. Alama zake nyingi zimeangukia kujilaza mchana na kukaa baada ya kula, kwingine hana shida. Huyo ni mzima. Mumewe alipata 2, 3, 2, 3, 3, 1, 3 na 1, jumla 18. Zaidi ya 10 ni nyingi mno, lakini jumla pekee isingenitisha kama zile 1 mbili. Mtu anayesinzia akiwa anazungumza, au ameshika usukani kwenye foleni, hana usingizi wa saa nane. Ana usingizi wa siku nzima. Mkewe anaandika kwamba usiku anakoroma, pumzi inakatika, kisha anashtuka kama aliyekabwa, na asubuhi anaamka na kichwa kinauma. Koo lake linaziba akilala, na usingizi wake unakatwa vipande usiku kucha bila yeye kujua. Dada yangu, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa mapafu, na mpaka apimwe asiendeshe gari.

Kwa asiye na hakika, andika kwa siku saba saa ulizolala, saa ulizoamka, na saa usingizi ulipokushika. Ukiona saa tatu au saa nne asubuhi zimo mara kwa mara, tafuta tatizo la usiku.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Alipokuwa darasa la nne hakusinzia mchana, sasa anasinzia. Ni uvivu au ni simu?

Simu ichunguze, uvivu uache. Mwaka 1980 Mary Carskadon na wenzake wa Stanford waliwapa watoto na vijana nafasi ya kulala kwa muda wa saa kumi kila usiku. Wadogo walikaa macho mchana kutwa. Waliofikia balehe walisinzia mchana ingawa usingizi wao wa usiku ulikuwa uleule.

Je, kulala mchana ni lazima? Na kwa muda gani?

Si lazima. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliowavisha mkononi vifaa vya kupima usingizi Wahadzabe wa Tanzania, pamoja na Wasani wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia. Siku nyingi hawakulala mchana, lakini jua la utosini liliwakuta kivulini. Unaweza kuivuka saa hiyo kwa kutulia na kuacha kazi ya hesabu kali hadi saa kumi.

Ukitaka kulala, iwe kabla ya saa tisa na iwe dakika 15 hadi 20, simu ikuamshe. Ukipita nusu saa unazama kwenye usingizi mzito, ukiamka una mang'amung'amu ya kukupotezea muda. Kahawa ninywe lini, anauliza mwingine: kunywa kikombe kisha ulale papo hapo. Kafeini huzuia adenosini isishike ubongo, lakini huchukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, kwa hiyo inakukuta ukiamka. Kikombe cha saa kumi jioni kiache. Karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini saa tatu usiku.

Je, usingizi huu wa mchana unaweza kuwa malale?

Kama hujaumwa na mbung'o na huna homa, hapana.

Naendesha lori Dar es Salaam hadi Tunduma. Saa nane mchana nafungua dirisha, naongeza muziki. Inatosha?

Haitoshi. Upepo na muziki vinakuchangamsha dakika chache, kisha usingizi unarudi wakati wewe umeshajiamini. Ajali za kusinzia zina vilele viwili: kikubwa baada ya saa nane usiku hadi alfajiri, na kidogo kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Bia moja ya chakula cha mchana hukulevya kuliko ile ya jioni, kwa hiyo usiiguse. Ukijikuta hukumbuki kilomita mbili ulizopita, au matairi yamegusa ukingo wa barabara, umeshasinzia tayari. Ingia kituo cha mafuta au eneo la maegesho, si pembeni ya barabara kuu, zima injini, kunywa kahawa, lala dakika 15, kisha shuka utembee dakika kumi kabla ya kushika usukani. Ratiba ikikuruhusu, panga mlo na mapumziko yako yaangukie hapo, saa nane hadi saa tisa.