Mtoto Akiumwa na Mbwa: Kipimo cha Imunoglobulini Hutegemea Uzani

Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke mtoto hospitalini.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huchukua siku kadhaa kabla ya mwili kujitengenezea kinga. Katika siku hizo, imunoglobulini huua virusi palepale kwenye kidonda, kabla havijaingia kwenye neva. Hutolewa ngozi ikiwa imetoboka na kutoa damu.

Mtoto hupimwa uzani kwanza. Imunoglobulini ya binadamu hutolewa yuniti 20 kwa kila kilo. Ile ya farasi, yuniti 40. Mtoto wa kilo 15 aliyeumwa shavuni na mkononi hupewa 20 × 15, yaani yuniti 300 za ile ya binadamu. Ikiwa kila mililita ina yuniti 150, hizo ni mililita 2.

Dawa hudungwa ndani ya kila kidonda na kukizunguka. Isipotosha vidonda vyote, huongezwa maji ya chumvi ya hospitali. Kipimo hakizidishwi, kwa kuwa kikizidi hupunguza nguvu ya chanjo. Kwenye kidole hudungwa kidogo na polepole, ili uvimbe usizuie damu.

Chanjo hudungwa mahali pengine, kwa sindano nyingine. Onyesha kila mkwaruzo, hata uliofichwa na nywele. Imunoglobulini ikikosekana siku ya kwanza, chanjo ianze. Dawa hiyo yaweza kutolewa hadi siku 7 baadaye.