Kukijaribu Kipima-mionzi kwa Kai-mraba

Katika fukwe zilizo kati ya Tanga na Pangani, hasa baada ya bahari kuchafuka, huonekana michirizi ya mchanga mweusi juu ya mchanga mweupe. Mawimbi yamefanya kazi ya ungo: chembe nyepesi za kwazi zimechukuliwa, na madini mazito, kama vile ilmenaiti, rutaili na zirkoni, yamebaki. Zirkoni huwa na urani na thoriamu kidogo ndani yake. Kaskazini ya mpaka, katika Kilima cha Mrima wilayani Kwale, thoriamu ni nyingi zaidi. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia wa pwani hii anayo sababu njema ya kuwapeleka wanafunzi wake ufukweni wakiwa na kipima-mionzi cha Geiger.

Tuseme wamekwenda. Penye mchirizi mmoja kipima-mionzi kimehesabu mipigo 131 kwa dakika moja. Hatua chache mbele kimehesabu 79. Mwanafunzi mwepesi atatangaza kwamba pale pa kwanza pana thoriamu nyingi. Lakini kabla ya kuulaumu mchanga inatupasa kuuliza: je, chombo hiki kingetoa tofauti ya namna hiyo hata kama kisingeondoshwa mahali pamoja?

Tofauti fulani ni lazima itokee. Kiini cha atomu hakijui jirani yake amevunjika lini. Kila kimoja huvunjika kwa bahati yake. Thoriamu hupungua nusu kwa muda wa miaka bilioni 14 hivi, kwa hiyo katika saa moja ya majaribio nguvu ya mchanga haibadiliki hata kidogo, na bado idadi ya mipigo ya dakika hii haitalingana na ya dakika ijayo. Matukio yanayokuja kwa bahati, kila moja peke yake, na kwa wastani usiobadilika, hufuata kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Poisson mwaka 1837. Rutherford na Geiger waliithibitisha kwa chembe za alfa mwaka 1910. Kanuni hiyo ina sifa moja itufaayo sana: ukijua wastani, umekwisha kujua pia ukubwa wa mtawanyiko. Ikiwa wastani ni 100, mchepuko wa kawaida ni kipeuo chake cha pili, yaani 10. Hapa ndipo tunapokishika chombo kibovu, kwa maana tunajua tangu mwanzo ni kiasi gani kinaruhusiwa kuyumba.

Twaa chupa moja ya mchanga mweusi, uifunge kifuniko, kwa sababu thoriamu huzaa gesi ambayo ikitoroka huharibu usawa wa majaribio. Iweke mbele ya neli ya Geiger, na baada ya hapo mtu asiguse chupa wala neli. Hesabu mipigo kwa dakika moja, mara kumi. Tuseme majibu ni haya:

96, 81, 118, 102, 79, 131, 90, 123, 85, 95

Jumla ni 1000, na wastani, tuuite m, ni 100. Sasa toa wastani katika kila hesabu, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha zote, kisha gawanya kwa wastani:

χ² = Σ(x − m)² / m

Tofauti ni −4, −19, 18, 2, −21, 31, −10, 23, −15 na −5. Miraba yake hufikia jumla ya 2986. Ikigawanywa kwa 100, kai-mraba ni 29.86.

Tutaisomaje namba hii? Hesabu zetu ni kumi, lakini wastani umetokana na hizo hizo, kwa hiyo digrii za uhuru ni tisa. Chombo kizima hutoa kai-mraba inayokaribia tisa. Jedwali laonyesha kwamba itapita 16.92 mara moja tu katika ishirini, na 27.88 mara moja tu katika elfu. Yetu imepita hata hiyo. Chupa haikuondoka mahali pake, lakini ndani ya orodha zimo 131 na 79 zile zile za ufukweni. Thoriamu ya yule mwanafunzi ilikuwa ndani ya chombo.

Pwani ya Tanga mshukiwa wa kwanza ni unyevu wenye chumvi. Neli ya Geiger hutumia volti mia kadhaa, na utando mwembamba wa chumvi iliyolowa kwenye soketi huuruhusu umeme kuvuja kwa vishindo, navyo chombo huvihesabu kama mionzi. Washukiwa wengine ni umeme wa mtaani unaopanda na kushuka, waya uliolegea, na neli iliyochakaa. Jaribio halisemi ni yupi. Inabidi kuwapitia mmoja mmoja. Zima umeme kwanza, ngoja kidogo, futa soketi kwa spiriti, ikaushe, kisha rudia bila kubadili kitu kingine chochote. Tuseme sasa twapata:

104, 91, 112, 98, 87, 103, 109, 94, 108, 94

Wastani ni 100 vile vile, lakini jumla ya miraba ni 640, na kai-mraba 6.40. Hapa hatuna sababu ya kukishuku chombo. Angalia kwamba wastani peke yake usingetuambia lolote.

Wengi huishia hapo, wakidhani kwamba kadiri kai-mraba inavyokuwa ndogo ndivyo chombo kinavyokuwa bora. Sivyo. Tazama hizi:

101, 99, 100, 102, 98, 100, 103, 97, 101, 99

Mwalimu asiyejua atazisifu kwa utulivu wake. Kai-mraba yake ni 0.30 tu, ilhali chombo kizima hushuka chini ya 3.33 mara moja katika ishirini, na chini ya 1.15 mara moja katika elfu. Atomu haziwezi kuwa na nidhamu ya askari wa gwaride. Ama chombo kinahesabu mipigo ya saketi inayojitetemesha yenyewe kwa mpango, ama kioo chake huonyesha wastani wa dakika zilizopita badala ya hesabu mpya, ama mwanafunzi ameketi kivulini akaandika alichotarajia. Hili la mwisho si haba.

Lakini kabla ya kumshitaki mtu, uliza kama hesabu zilipunguzwa. Aliyehesabu kwa dakika tano kisha akagawanya kwa tano, akatumia majibu hayo katika kanuni, ameifanya kai-mraba iwe ndogo mara tano, na chombo kizima kitaonekana kibovu. Hali kadhalika, usitoe mionzi ya mazingira kabla ya jaribio. Kanuni yataka mipigo kamili kama ilivyohesabiwa.

Mara moja katika ishirini si mara chache sana: shule ishirini zenye vyombo vizima zikifanya jaribio hili, moja yawezekana ikapita 16.92. Jibu lililovuka mpaka kidogo lirudiwe. Kama ni bahati tu, halitarudi. Tena, kai-mraba haijali mpangilio. Hesabu zikipanda polepole kwa sababu chombo kinapata joto, huenda jumla ikapita salama, kwa hiyo zichore kwa utaratibu wa dakika uone kama zina mteremko. Na chombo kinachokosa nusu ya mionzi yote kwa bahati, siku zote, kitafaulu vizuri kabisa, kwa kuwa nusu iliyobaki nayo hufuata Poisson. Kosa hilo hugunduliwa kwa chanzo ambacho nguvu yake imekwisha kupimwa kwingine.